Zamu Iliyoshikwa na Persis

Jino la Bonareri lilikuwa limeoza tangu mwezi wa tatu, naye hakutaka kuling'oa. Ruth jirani yake alimwambia. Omosa mumewe alimwambia. Hata Ashley, binti yake aliyekuwa akisomea uuguzi Nyamira, alimwambia mara mbili kwenye simu, kwa ukali wa muuguzi. Bonareri alijibu kila mmoja kwamba angeenda wiki ijayo. Ukweli ni kwamba jino lilipomkaba sana, hadi akashika shavu na kuegemea ukuta wa jikoni, alipata nafuu fulani. Kwa dakika hizo mambo yalionekana kukaa sawasawa: Persis yuko kaburini, na yeye anaumwa.

Hakumweleza mtu jambo hilo. Angeanzia wapi?

Persis na Bonareri walikuwa wanawake wawili kati ya sita waliochuma chai pamoja katika vilima vya Itumbe. Watu wa huko wanauita ushirika wa namna hiyo risaga. Leo mnachuma shambani kwangu, kesho kwako, keshokutwa kwa yule, mpaka mzunguko uishe na kuanza tena. Mwenye zamu ana kazi yake. Anapika. Anaonyesha mistari ya kuchumwa. Anaangalia mawingu. Yeye ndiye anayesema sasa basi, tubebe vikapu, twende kituoni kabla gari la majani halijafika. Mpaka aseme, hakuna anayeondoka shambani. Si sheria iliyoandikwa popote, lakini mwanamke anayeteremka kabla ya mwenye zamu kusema atasikia maneno mwezi mzima.

Miaka mitatu na miezi kadhaa iliyopita, Jumapili moja, zamu ilikuwa ya Bonareri. Siku hiyohiyo wazazi walialikwa kuwatembelea watoto katika shule ya bweni alikokuwa Ashley, kidato cha nne. Bonareri hakuwa amepanga kwenda. Mtoto mkubwa vile, angevumilia. Lakini Ijumaa jioni Ashley aliazima simu ya matroni, akapiga, akalia. Muhula mzima hakuna mtu aliyekuja kumwona.

Basi Bonareri akavuka kijito akaenda kwa Persis.

"Mama Mokeira, nishikie zamu Jumapili."

"Nikishika, nani atapika? Wewe unazijua chapati zangu."

"Ni ngumu, lakini zinaliwa."

"Na nani? Ruth alimtupia mbwa moja, mbwa akaruka ua."

Walicheka mpaka Persis akajifuta macho. Akashika zamu.

Jumapili ile saa tisa mchana, Bonareri akiwa ameketi na Ashley kwenye nyasi za shule, kuku wa kukaanga ametandazwa kwenye kitambaa, alikumbuka chai yake akapiga simu.

"Mmefika wapi?"

"Tumebakisha ile kona ya juu," Persis akasema. "Lakini kumeingia giza upande wa Nyamache. Naona kama tuteremke."

"Msiiache kona, imeanza kukomaa. Mkiiacha, kesho watanikatalia majani kituoni. Malizeni hapo tu."

"Haya, mwenye zamu. Wewe kula kuku. Kula na langu paja."

Bonareri alikula paja. Alikumbuka ladha yake. Alikumbuka kwamba alivunja mfupa kwa meno na kuunyonya, na Ashley akamwambia, Mama, watu wanaangalia.

Katika ile kona ya juu kuna mkaratusi. Mvua ilipoanza, wanawake watatu walikimbilia nyumbani. Persis na Ruth walikuwa mbali kidogo, wakajibanza chini ya mti na vikapu vyao mgongoni. Radi haikupiga mara mbili. Ruth alirushwa kwenye mtaro, sikio lake la kulia halikusikia tena. Persis hakuwa na jeraha ambalo mtu angeliona. Kikapu chake tu ndicho kilichoungua upande mmoja, na majani ya chai yaliyokuwa ndani yalinukia kama chai iliyokwisha kukaushwa kiwandani.

Watu walimwambia Bonareri mambo mengi baada ya hapo, na karibu yote yalimchoma. Baya kuliko yote lilitoka kwa Mzee Abner wa kanisa, mtu mwema asiye na hila. Sabato ya pili baada ya mazishi, alimshika mkono mbele ya watu akasema, "Mama Ashley, Mungu amekuepusha. Siku hiyo ilikuwa yako. Simama utoe ushuhuda wa shukrani."

Bonareri akasimama. Kwenye benchi la tatu alikaa Alfayo, mume wa Persis, na watoto wao watatu: Mokeira aliyekuwa na miaka kumi na mitano, na wavulana wawili wadogo ambao viatu vyao havikufungwa kamba. Kanisa lote lilimngoja. Amshukuru Mungu kwa lipi? Kwa hesabu gani mtu asimame mbele ya watoto wale aseme asante? Alifungua mdomo, akaufunga, akaketi. Watu walidhani ni majonzi. Wakaimba.

Tangu siku hiyo alianza kuishi kwa namna ambayo mwanzoni haikuonekana. Akipika kuku, alijipakulia mchuzi akatafuta kazi ya kufanya mpaka wengine wamalize. Omosa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kiogoro, akiondoka asubuhi na kurudi jioni. Alipomnunulia mkewe sweta jipya, lilikaa kabatini mwezi mmoja, kisha akaliona limevaliwa na mama yake Alfayo. Viti vipya vya sebuleni havikutolewa karatasi ya nailoni. Wageni walikalia nailoni, ikalia kwacha kwacha kila walipojigeuza. Redio ilipocheza wimbo ambao Bonareri aliupenda, aliizima kabla mwili wake haujaanza kuufuata. Kicheko kilimtoka mara mojamoja, kwa sababu Ruth ni mtu wa kuchekesha, lakini papo hapo alikishika kama mtu aliyejikwaa, akatazama huku na huku kuona nani amemsikia.

Na kichwani siku ile ilichezwa upya. Kama angemwambia Ashley avumilie. Kama angepiga simu saa nane badala ya saa tisa. Kama asingepiga kabisa. Kama angesema, teremkeni. Neno moja tu: teremkeni. Alilisema neno hilo akiosha vyombo, akitembea, hata katikati ya maombi. Katika siku hiyo ya kichwani alijua kwamba radi ingekuja, kwa hiyo kila mara alikuwa mwuaji. Siku yenyewe hakujua chochote ila kwamba majani yake yamekomaa, lakini hilo hakulikumbuka kamwe.

Simu ile hakumweleza mtu. Si Omosa, si Ruth, si mchungaji.

Alichofanya ni kuchuma chai ya Persis. Alianza wiki ya mazishi, na hakuna aliyeshangaa, maana majirani wote walisaidia. Wengine waliacha baada ya mwezi. Yeye hakuacha. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alivuka kijito kabla jua halijatoka, akachuma mpaka kikapu kikajaa, akakipeleka kituoni kwa jina la Alfayo. Chai yake mwenyewe ilirefuka hadi kifuani, matawi yakawa miti. Risaga ikamwondoa katika mzunguko kwa sababu hapakuwa na cha kuchuma kwake. Hakulalamika. Alipoitazama chai yake ilivyoharibika alihisi lile lile alilohisi jino lilipouma.

"Wewe umekuwa kibarua wa Alfayo," Ruth alimwambia siku moja njiani. "Umeolewa huko?"

"Ruth, nyamaza."

"Sema kwa sikio hili, lile halipo."

"Nimesema unyamaze."

"Hilo nimelisikia. Lakini nakuuliza, hiyo chai yako umeiachia tumbili? Mimi ndiye nilipigwa na radi na bado nachuma yangu."

Bonareri alimtazama usoni. Kila alipomwona Ruth akigeuza shingo ili asikie, aliikumbuka ile kona ya juu. Akaongeza mwendo.

Omosa alikuwa mtu mpole, na wapole wakichoka huchoka kweli. Jioni moja alisukuma sahani yake kando. "Mama Ashley, nimekula huzuni ya nyumba ile miaka mitatu. Na hapa kwetu kuna nini? Hapa hakuna watu?"

"Wale watoto hawana mama."

"Na wa kwetu?"

Bonareri aliona swali lenyewe ni la mtu mwenye shibe.

Jumatano moja mwishoni mwa Novemba, Ashley akapiga simu. Alikuwa amemaliza chuo. Mahafali yalikuwa Ijumaa.

"Mama, tunaanza saa tatu. Majina yanaitwa kwa mpangilio na mimi niko mbele. Baba atapitia hapo na Probox ya rafiki yake saa kumi na mbili unusu. Utakuja?"

"Nitakuja."

"Usiseme tu."

"Ashley, nimesema nitakuja."

"Uje na ile gauni ya bluu. Na jino ulitoe, picha zitakuwa nyingi." Akacheka kidogo, cheko la mtu anayepima kina cha maji. Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Mimi sijakuomba kitu tangu kidato cha nne, Mama. Hiki tu."

Bonareri alitaka kwenda. Hilo lieleweke. Alipokata simu, furaha ilimpanda, furaha halisi, yenye joto, kutoka miguuni hadi kooni: binti yake, muuguzi. Na nyuma yake tu, kama mtu anayefuatwa na kivuli chake, akamwona Mokeira. Mokeira aliacha shule kidato cha pili ili awapikie ndugu zake. Alikuwa hodari wa hesabu kuliko Ashley. Kila mtu alijua.

Kwa hiyo akapanga hivi: Ijumaa angeamka mapema zaidi, achume kikapu kimoja tu kwa Persis, akipeleke, kisha aende Nyamira. Aliona kwamba akitanguliza kikapu kile, pengine angeruhusiwa kuketi na kupiga makofi. Angeruhusiwa na nani? Hakujiuliza. Ijumaa alimwambia Omosa atangulie, yeye angefuata.

Omosa alisimama na mkono kwenye mlango wa gari. "Leo? Hata leo?"

"Kikapu kimoja. Nitafika kabla ya saa tatu."

Ruth alikuwa ameketi kiti cha nyuma, amevaa kofia ya kanisani yenye ua kubwa, maana Ashley alimwalika. Kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. Aligeuza uso akatazama upande mwingine.

Kulikuwa na umande na majani yalikuwa mazito. Bonareri alichuma haraka, majani mawili na chipukizi, mawili na chipukizi, gauni la bluu chini ya aproni ya plastiki. Kikapu kilikuwa nusu aliposikia mtu nyuma yake. Ni Mokeira, na kikapu chake mwenyewe mgongoni.

"Mama Ashley. Shikamoo."

"Marahaba. Rudi ulale mwanangu, nitamaliza mstari huu."

"Sijaja kukusaidia. Nimekuja kuchuma chai yetu." Mokeira alikuwa na umbo la mama yake, mabega mapana, na namna ileile ya kusimama mguu mmoja mbele. "Si leo ni mahafali ya Ashley? Aliniandikia. Mbona uko hapa?"

"Naenda sasa hivi. Nilitaka kwanza..."

"Kwanza nini?"

Bonareri aligeukia mstari, akachuma chipukizi jingine.

"Baba hawezi kukwambia," Mokeira akasema. "Anakuheshimu. Kwa hiyo nitakwambia mimi, na ukitaka kunichukia unichukie. Tumechoka kukuona hapa."

Mikono ya Bonareri iliendelea kuchuma yenyewe.

"Asubuhi za siku zako, Baba anapitia njia ya nyuma asikutane nawe. Nyanya akisikia kikapu chako kinagusa ua anaanza kulia upya, halafu mimi ndiye nambembeleza na uji unaungua. Mwezi uliopita mdogo wangu Eric alisema kitu cha kijinga mezani, tukacheka, mimi na ndugu zangu, tulicheka vizuri kabisa. Nikainua macho nikakuona mlangoni na ule uso wako. Tukanyamaza wote. Sisi! Nyumba ni yetu, msiba ni wetu, na tunanyamaza kwa sababu yako."

"Nilifikiri nawasaidia."

"Mwanzoni ulisaidia. Tena sana. Tungelala njaa. Lakini sasa niko na miaka kumi na minane, Mama Ashley, nina mikono. Mwezi wa kwanza nataka kuanza kujifunza ushonaji Marani kwa shangazi, na Baba anasema tutawezaje kumwambia yule mama asije. Umeona? Tunakutunza wewe."

Bonareri alivua kikapu akakiweka chini. Akakaa pembeni mwa mtaro, gauni la bluu kwenye tope. Ndipo akasema lile ambalo hakuwahi kulisema.

"Mokeira, mimi ndiye niliyewaambia wamalize kona. Nilipiga simu. Mama yako alitaka kuteremka, nikamwambia amalize."

Alingoja. Alikuwa amengoja miaka mitatu. Alidhani msichana angepiga kelele, au angemtemea mate, na kwa namna fulani angeshukuru.

"Najua," Mokeira akasema.

"Unajua?"

"Ruth alikuwa karibu naye. Alikuwa na masikio mawili wakati huo. Aliniambia nilipomuuliza, mwaka uleule."

Ruth. Ruth aliyemtania njiani, Ruth wa kugeuza shingo, alikuwa amejua siku zote. Bonareri alishika shavu, lakini si kwa jino.

"Basi unisamehe."

Mokeira alifikiri. Hakuwa mtu wa kutoa maneno ili mradi. "Sijui," akasema mwishowe. "Kuna siku naamka nasema, angenyamaza tu na kuku wake, Mama angekuwa hai. Naweka sufuria kwa nguvu. Kuna siku nasema, nani hajawahi kuambia mwenzake amalizie kazi? Mama mwenyewe alituambia tumalizie kazi kila siku ya Mungu. Sitakudanganya kwamba nimefika upande mmoja. Lakini ukija hapa alfajiri na hicho kikapu, unanifanya nichague siku tatu kwa wiki. Niache nisichague." Akaangalia jua. "Na sasa unachelewa. Usinibebeshe na hilo."

Akachukua kikapu cha Bonareri, akamimina majani yote katika chake, akamrudishia kikiwa kitupu.

Bonareri alifua tope la gauni kwenye kijito, akapata pikipiki, akafika Kisii mjini, akapata gari la Nyamira lililongoja lijaze abiria kama vile siku zote ni sawa. Alipoingia lango la chuo ilikuwa saa tano na nusu. Hema zilikuwa zimejaa watu wanaosimama, si wanaoketi. Wahitimu walikuwa wakipigwa picha kwenye maua. Majina yalikwisha kuitwa.

Omosa alimwona kwanza. Alimpa chupa ya maji. Ruth alikuwa kando, kofia imekaa upande.

"Nilipiga vigelegele kwa niaba yako," Ruth akasema. "Sikusikia nilivyopiga, lakini watu waligeuka."

"Ruth, ulijua simu ile."

"Nilijua. Na wewe ulitaka nifanye nini? Nilifikiri siku moja utaniambia, nikwambie hata mimi nilimvuta Persis chini ya ule mti. Yeye alitaka kukimbia. Nilimshika mkono nikasema tutaloa." Ruth akairekebisha kofia. "Nenda kwa mtoto. Hayo yetu yana siku nyingi."

Bonareri hakuwahi kufikiri, hata mara moja, kwamba huenda mtu mwingine ana siku yake ile ile kichwani. Alitaka kumshika Ruth mkono, lakini Ruth alikuwa amemgeuzia sikio lisilosikia.

Ashley alikuwa kwenye foleni. Majoho yalikuwa ya kukodi na yalitakiwa kurudishwa kabla ya saa saba, kwa hiyo wahitimu walijipanga mbele ya mlango wa stoo, kofia mkononi, jasho usoni. Alimwona mama yake akija na hakutoka kwenye mstari.

"Ulijaza?" akauliza.

"Nini?"

"Kikapu."

"Hapana. Mokeira amenifukuza."

"Poa." Alisema hivyo kama mtu anayetia sahihi. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa yamekauka. Foleni ilisogea hatua moja, wakasogea nayo.

"Ashley, nisamehe. Nilifikiri nitawahi. Ni kwamba siwezi... Nikiwaza vile watoto wa Persis wanavyoteseka, na siku ile mimi nilikuwa nimekaa nakula. Sikufaa kuwa huko. Ningebaki nyumbani siku ile..."

"Ona," Ashley akasema.

"Nini?"

"Hiyo. 'Ningebaki.' Miaka mitatu nasikia hiyo. Unaniambia ukipika, unaambia Baba, unaambia Mungu kwa sauti chumbani. Ningebaki, ningebaki. Mama, ulikuwa umekuja kwa nani?"

Msichana aliyekuwa mbele yao alijifanya kuangalia simu yake.

"Ni mimi nilikupigia," Ashley akasema. "Niliazima simu ya matroni nikalia kama mtoto, sababu wenzangu wote walikuwa wanatembelewa na mimi nilikuwa nimechoka kusema mama yangu yuko na kazi. Ulikuja. Ilikuwa siku yangu nzuri kuliko zote shuleni. Saa mbili unusu nzima, mimi na wewe tu. Halafu jioni nikasikia. Sijawahi kuifurahia hiyo siku tena hata kwa mawazo. Kila ukisema ungebaki, mimi nasikia kwamba nililia na Mama Mokeira akafa."

"Hapana. Ashley, hapana. Wewe hukufanya kitu."

"Na wewe je?"

Foleni ikasogea hatua nyingine.

"Nakuuliza swali moja," Ashley akasema. Alikuwa ameishusha sauti, na sasa ilikuwa ya mtoto kuliko ya muuguzi. "Turudi Ijumaa ile. Nimepiga simu, nalia. Hujui lolote la radi. Ungekuja ama ungebaki?"

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa pumzi moja. Mama yeyote angelijibu. Bonareri alilisikia jibu likianza kupanda, na nusu ya njia likakutana na Persis aliyesimama na mguu mmoja mbele, na kikapu, na sauti inayosema naona kama tuteremke. Wakasimama pale, binti na rafiki, wala hakuna aliyempisha mwenzake. Ilikuwa sekunde tatu, labda nne.

Ashley alizihesabu. Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeonyeshwa matokeo ambayo tayari aliyajua. Kisha akageuka mbele.

Foleni ilisogea. Nyuma ya shingo yake nywele zilikuwa zimesukwa vizuri, nyembamba, kazi ya siku nzima. Kuna mtu alimsuka kwa ajili ya leo. Bonareri hakujua ni nani. Hakujua jina la rafiki hata mmoja wa binti yake hapa chuoni, wala chumba alicholala, wala kama aliwahi kuugua. Miaka yote hii alijinyima raha, na alidhani anajinyima yeye peke yake.

"Ningekuja," akasema.

Ashley hakugeuka.

"Ashley. Ningekuja. Bila kujua, ningekuja. Na nilifurahi siku ile. Nilifurahi sana." Maneno ya mwisho yalimuuma kuyatoa kuliko kitu chochote alichowahi kutoa, na mara yalipotoka alisikia hofu, kana kwamba mtu angekuja kumkamata. Hakuna aliyekuja. Mwanamume wa stoo alikuwa anapaza sauti, joho bila kofia halipokelewi.

"Nimesikia," Ashley akasema.

Wakafika mlangoni. Ashley alivua joho. Chini yake alikuwa na gauni la bluu, la bluu ileile, kumbe alitaka wafanane kwenye picha. Alilikunja joho mara mbili, akaweka kofia juu, akalisukuma mezani, mwanamume akaweka alama kwenye jina lake.

"Anayefuata," mwanamume akasema, na wao wawili wakasogea pembeni ili kuwapisha wengine.